CRISPR kwa kuhesabu pepa: miaka ishirini kimya, halafu mlipuko

Wadau wa kikundi cha kusoma, mlitaka tuiangalie CRISPR, vile vipande vya DNA vinavyojirudia kwenye bakteria ambavyo vilikuja kuzaa kifaa cha kuhariri jeni, kwa namba kabla hatujachagua pepa za muhula huu, yaani fani ilikuaje, nani ananukuliwa na nani, na wapi palichangamka. Nimeshakaa na data na msimamo wangu nausema mapema: ule mstari unaopanda ghafla kwenye grafu kuanzia 2013 sio ugunduzi, ni watu kudaka kifaa. Ugunduzi wenyewe uko kule kushoto ambako mstari umelala chini kabisa, na mtu akichagua pepa kwa kuangalia saitesheni tu ataukosa wote.

Idadi ya pepa nimeitoa PubMed, kanzidata ya pepa za tiba na baiolojia, kwa sababu ni bure na yeyote kati yenu anaweza kurudia, amri yenyewe ni hii hapa, unabadilisha mwaka tu:

```
curl -g "https://eutils.ncbi.nlm.nih.gov/entrez/eutils/esearch.fcgi?db=pubmed&term=crispr[tiab]+AND+2012[pdat]&rettype=count"
```

Hiyo tiab maana yake inatafuta kwenye kichwa cha pepa na kwenye muhtasari. Saitesheni nimetoa OpenAlex, nayo ya bure, ilianza 2022 baada ya Microsoft kufunga kanzidata yao ya kitaaluma. Namba nazikata za jumla jumla makusudi, kanzidata hizi zinaongezwa na kurekebishwa kila siku, ukihesabu wiki ijayo utapata tofauti kidogo na hakuna sababu ya kugombana juu ya pepa tatu.

Haya, namba sasa. Kuanzia 2002 hadi 2006 kila mwaka pepa hazifiki 10. Baada ya 2007 zinaingia kwenye makumi na zinabaki humo humo miaka kadhaa. 2012 zimevuka 100, 2013 zimevuka 200, 2014 ni kama 600, 2015 zimevuka 1,000, na 2016 ziko kwenye 2,000 hivi. Miaka hii ya 2020 ni zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kuna kipindi cha miaka minne ambacho fani ilikuwa inajidabo kila mwaka, na ili ujue hiyo ni kasi ya ajabu kiasi gani, Derek de Solla Price, huyu ndiye baba wa mambo haya ya kupima sayansi, aliona miaka ya 1960 kwamba machapisho ya sayansi kwa ujumla yanajidabo kila miaka 10 hadi 15. Price huyo huyo alionya kwamba mkunjo wa namna hiyo haudumu, lazima ulainike juu uwe kama herufi S, na kweli baada ya 2016 CRISPR haijajidabo tena kwa mwaka mmoja. Inaongezeka, ila mbio zile zimekwisha.

Sasa hapo kwenye 2002 ndipo pa kusimama kwanza. Kwa nini hesabu inaanzia hapo? Kwa sababu neno CRISPR lilianza kutumika kwenye pepa mwaka huo, kwa Ruud Jansen na wenzake wa Uholanzi. Kabla ya hapo kila maabara iliviita vipande hivyo kwa jina lake, Francisco Mojica wa Alicante mwaka 2000 aliviita SRSR. Kwa hiyo ukitafuta kwa neno, pepa ya Yoshizumi Ishino ya 1987 kutoka Osaka haitokei, na ya Mojica ya 1993, ile ya vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya chumvi kali, nayo haitokei, na hizo ndizo za mwanzo kabisa! Nimezipata kwa njia ya kurudi nyuma, unachukua pepa ya 2007 unaangalia imenukuu nini, halafu hizo nazo zimenukuu nini, unashuka hivyo hivyo mpaka unagota. Mtu akikuletea grafu ya fani yoyote inayoanza ghafla mwaka fulani, muulize kwanza alitafuta kwa neno gani.

Ile ya Ishino ni mfano wa kitabuni wa kile wanabibliometria wanakiita mrembo aliyelala, jina la Anthony van Raan wa Leiden la 2004, yaani pepa inayokaa miaka na miaka bila kuguswa halafu inaamshwa. Ishino alikuwa anasoma jeni moja ya bakteria E. coli inayoitwa iap, akakuta pembeni yake vipande vya DNA vinavyojirudia, akaandika mwishoni kwamba maana yake kibaiolojia haijulikani, akaendelea na mambo yake. Leo inanukuliwa sana, lakini fungueni hizo pepa zinazoinukuu muone inakaa wapi: sentensi ya kwanza ya utangulizi, basi. Ni saitesheni ya kupiga saluti. Kihesabu ni sawa na ya mtu aliyeisoma na kuifanyia kazi, ndiyo maana jumla ya saitesheni peke yake huwa siiamini sana.

Halafu mwaka 2005. Makundi matatu yanatoa pepa kila moja kivyake na yote yanasema karibu kitu kimoja, kwamba vile vipande vilivyokaa katikati ya marudio vinafanana na DNA ya virusi vya bakteria na vitu vingine vya kutoka nje: Mojica, kundi la Christine Pourcel na Gilles Vergnaud wa Ufaransa waliokuwa wanachambua bakteria wa tauni, na kundi la Alexander Bolotin, Ufaransa pia. Zilitoka wapi? Ya Mojica kwenye Journal of Molecular Evolution baada ya kukataliwa na majarida kadhaa makubwa likiwemo Nature, zile mbili kwenye Microbiology. Sio majarida ambayo mtu anayejaza fomu ya kupandishwa cheo anayakimbilia. Ningechuja data yangu kwa majarida ya juu tu, kama ripoti nyingi zinavyofanya, msingi mzima wa fani ungepotea na grafu ingeonekana safi kabisa bila mtu kushtuka.

Ushahidi wa maabara ulikuja 2007 kwa Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao, wakiwa kampuni ya Danisco inayotengeneza vimelea vya kugandishia maziwa. Walikuwa wanahangaika na virusi vinavyoua bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, wakaonyesha kwamba bakteria aliyenusurika ameweka kipande cha DNA ya kirusi kwenye CRISPR yake na kizazi chake kinakuwa na kinga. Hii ikatoka kwenye jarida la Science na ndiyo iliyovusha fani kutoka pepa chache hadi makumi kwa mwaka. Fani ya mtindi jamani, sio ya saratani.

2012 ndio mwaka wenye utamu kwa mtu anayefuatilia saitesheni. Pepa ya Jinek na wenzake, maabara za Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, ikionyesha kwamba Cas9, kimeng'enya cha kukata DNA kwenye kinga ile ya bakteria, kinaweza kuelekezwa kikate mahali unapotaka, iliingia Science mwezi Juni. Virginijus Šikšnys wa Vilnius na wenzake walikuwa na matokeo yanayokaribiana sana, waliyapeleka jarida la Cell mwezi Aprili, yakarudishwa bila hata kupelekwa kwa wahakiki, yakatoka PNAS Septemba. Leo ya Jinek imevuka saitesheni 10,000 na ya Vilnius iko nyuma mbali sana. Sehemu ya tofauti ni halali, kundi la Jinek liliunganisha RNA mbili zikawa moja na hicho ndicho watu wanachotumia maabara kila siku. Lakini sehemu nyingine ni ile Robert Merton aliyoiita athari ya Mathayo mwaka 1968, mwenye nacho ataongezewa, na Price akaiandikia hesabu 1976: pepa iliyokwisha kunukuliwa ina nafasi kubwa zaidi ya kunukuliwa tena. Tuzo ya Kavli ya 2018 ilimtambua Šikšnys pamoja na hao wawili, Nobeli ya 2020 ikaenda kwa wawili tu, na baada ya Nobeli mwandishi akihitaji jina moja la kuweka kwenye utangulizi tunajua ataweka lipi.

Ramani ya nani ananukuliwa na nani nimeichora kwa programu ya VOSviewer nikitumia kunukuliwa pamoja, mbinu ya Henry Small ya 1973: pepa mbili zikitajwa mara nyingi kwenye orodha moja ya marejeo zinavutana karibu. Kilichotoka ni kambi mbili kubwa. Upande mmoja wako watu wa kinga ya bakteria, Barrangou 2007, Brouns 2008, Marraffini na Sontheimer 2008. Upande wa pili ni watu wa kifaa, Cong 2013 na Mali 2013 walioonyesha Cas9 inakata jenomu kwenye seli za binadamu, na zile pepa za taratibu za maabara. Jinek amekaa katikati kama daraja. Saitesheni za kambi ya pili zimefunika za kwanza kabisa, na mwandishi wa kambi ya pili mara nyingi anarudi nyuma mpaka 2012 anaishia hapo.

Mimea ina kijiji chake pembeni, kimeanza Agosti 2013 na pepa tatu zilizotoka pamoja Nature Biotechnology. Humo ndimo ilimo ile inayotuhusu sisi wa migomba, ya Leena Tripathi na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, Nairobi, 2019, waliozima virusi vya michirizi vilivyojificha ndani ya jenomu ya ndizi aina ya Gonja Manjaya, na asilimia 75 ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipobanwa na ukame. Hapa muwe macho na jedwali za nchi. Ukihesabu pepa nzima kwa kila nchi, pepa ya waandishi ishirini yenye anwani moja ya Kenya inaipa Kenya 1 kamili na Marekani 1 kamili. Ukigawanya kwa waandishi, picha ya Afrika inasinyaa vibaya. Mimi nimetumia ya kugawanya, hata kama haipendezi kwenye slaidi.

Kitu cha mwisho, saitesheni nyingi sio sifa. Pepa ya NgAgo, 2016, iliyodai kuwa na mpinzani wa Cas9, ilinukuliwa kwa kasi sana, na sababu kubwa ni kwamba maabara duniani zilijaribu kurudia zikashindwa, ikaondolewa Agosti 2017. Pepa nyingine ya Nature Methods ya 2017 ilidai CRISPR inaleta mabadiliko mengi yasiyotarajiwa kwenye panya, panya wenyewe walikuwa watatu tu, nayo ikaondolewa 2018. Kwenye hesabu ghafi zote mbili zinang'aa, nimeziwekea alama nyekundu kwenye faili.

Kwa hiyo orodha ninayopendekeza ni Mojica 2005, Barrangou 2007, Jinek na Šikšnys wiki moja tuwasome sambamba, halafu Tripathi. Cong na Mali mtakuwa mmeshazisoma. Faili la data liko kwenye folda ya kikundi, anayetaka kubishana na kambi zangu abadilishe kiwango cha chini cha saitesheni kwenye VOSviewer aone kama zinagawanyika tofauti, mimi nilianzia 20.