Shukrani

Ming'oko anayochimba Nahati katika sura ya tatu ya riwaya hii ni ming'oko ya mama yangu. Nilimwambia nataka kuandika juu ya njaa iliyofuata Vita vya Majimaji, watu wa huku walipokuwa wakiingia porini kutafuta cha kuweka tumboni. Hakunijibu kitu. Kesho yake alfajiri akanigongea mlango, jembe begani, akasema twende. Alinionesha namna ya kuufuata mzizi kwa vidole na kuondoa udongo pembeni bila kuvuta, maana ukivuta unabaki na kipande mkononi na chakula kimebaki chini. Magoti yanamsumbua siku nyingi, lakini asubuhi ile yote aliipigia magoti. Sura ile niliianza jioni ileile, kucha zangu zikiwa bado na udongo. Asante, mama. Wasomaji wakisema wameiona njaa ile, wameiona kwa mikono yako.

Baba yangu hakukiona kitabu hiki, ila bila yeye kisingekuwapo. Ndiye aliyekuwa akitusimulia kwamba babu yake alikuwa mmoja wa waliobeba mifupa ya dinosaria kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini Lindi, enzi za Wajerumani. Baba hakuwa na tarehe, hakuwa na jina la msimamizi, wala hakujua mifupa ilikwenda kufanywa nini. Alichokuwa nacho ni bega. Alisema babu yake alikuwa na bega moja lililolala kuliko jingine, na kwamba watoto walipomuuliza alijibu, "Hilo nililiacha njiani." Nimelibeba bega hilo tangu utotoni hadi nikampa Mzee Likwata wa humu kitabuni. Mungu amrehemu baba na amlaze pema.

Nilipokua nikasoma, nikakuta yale ya baba yana tarehe. Uchimbaji ule wa Wajerumani ulianza 1909 ukaendelea hadi 1913, ukafanywa na mamia ya watu wetu, wengi wao wakiishi pale kilimani na familia zao. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi pwani, mikubwa ikining'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu wengi kwa pamoja. Jumla yake ilizidi tani 200. Kiunzi kikubwa kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na kipo hadi leo, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la mkuu wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Ilipofika 2007 ndipo mmoja akapewa jina la mtu wa huku: Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Namshukuru Boheti kwa jina lake, kwa sababu ndilo lililonipa ujasiri wa kuwatungia majina wale wengine wote waliobeba na hawakuandikwa.

Bibi mzaa mama alinifundisha kata. Watu wa mjini siku hizi hawaijui, lakini hapa Kitomanga hakuna mwanamke aliyekomaa asiyeweza kuisokota. Nilimwomba anitengenezee ya majani, kama zile za zamani kabla khanga hazijawa nyingi. Akakata majani mabichi, akayaacha yanyauke kidogo kivulini, akayazungusha mkononi akiyabana kwa kidole gumba, kisha akanivalisha kichwani na kunitwisha ndoo ya maji. "Haya, tembea." Nikatembea hadi kwenye mwembe na kurudi. Akanirekebisha shingo. Ukurasa wa 41, pale Nahati anapomsokotea mumewe kata na kuipaka mafuta ya ufuta isimkwaruze, ni mchana huo. Bibi, shikamoo, na ahsante.

Mume wangu Hamisi alinilindia usiku. Mimi ni karani wa chama cha msingi, na msimu wa korosho ukifunguka ninarudi nyumbani macho yamejaa namba za mzani. Aliweka taa ya sola mezani kwangu, akawaambia watoto kwamba mama akikaa pale yupo safarini, asiitwe. Vijana wake wa chomboni walipomuuliza mkeo anaandika nini, aliwajibu bila kupepesa, "Anaandika kitabu," miaka kabla mimi mwenyewe sijathubutu kusema hivyo mbele za watu. Zuhura na Salumu, wanangu, safari imekwisha. Niiteni mpendavyo.

Sasa Dada Rehema, mhariri wangu.

Tulikutana ana kwa ana mara chache sana, yeye akiwa Dar es Salaam na mimi huku, lakini hakuna mtu aliyekaa ndani ya kitabu hiki kuliko yeye. Muswada wa kwanza uliponirudia, pembeni mwa kurasa nyingi kulikuwa na swali moja kwa kalamu ya kijani: "Mzigo uko wapi?" Likwata anasalimiana na wenzake kwenye njia panda. Mzigo uko wapi? Anakunywa maji kisimani. Mzigo uko wapi? Anacheka, anageuka nyuma kumtazama Nahati. Mzigo uko wapi, kichwani au chini, na kama upo chini nani alimtua, na nani atamtwisha tena? Nilikaa na swali hilo wiki nzima nikiwa ghalani, nikiwatazama vijana wetu wanavyopokezana magunia, na nikaona kwamba mtu mwenye kilo thelathini kichwani hageuzi shingo ovyo, hacheki kwa kifua kizima, na anachagua wa kumsalimia. Kitabu chote kikabadilika. Mazungumzo yakawa mafupi. Watu wakawa wanasemeana mengi wakati wa kutua. Wale ambao wameniambia wanapenda ukimya wa njiani katika sura ya sita na ya saba wajue umetoka kwenye kalamu ile ya kijani.

Tulibishana pia, na ninataka lijulikane, maana mhariri anayekubali kila kitu hana msaada kwa mwandishi. Mimi nilitaka Likwata afike Berlin. Nilikuwa nimeiandika, kurasa kumi na mbili, mzee anaingia kwenye ukumbi, anainua kichwa, anaiona mifupa imesimama. Nilizipenda kurasa zile. Dada Rehema alinipigia simu, hakuandika, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, wale waliobeba hawakuiona imesimama. Ukimwonesha huyu, umewanyima wale wengine ukweli wao." Nilinyamaza. Kisha nikambishia siku mbili tatu zaidi. Ukiusoma mwisho wa kitabu utajua nani alishinda, na mimi leo ningezilinda kurasa za sasa kama mwanangu. Dada, ahsante kwa uvumilivu, na ahsante zaidi kwa kuyaacha maneno ya huku kwetu yakae kama tunavyoyasema, hata pale msahihishaji wa chapa alipoyapigia mstari.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wachache, na kila mmoja alisoma kwa jicho lake.

Mzee Mnali wa Mipingo alisomewa na mjukuu wake, sura baada ya sura, barazani. Alikuwa akinisubiri niende Mipingo kwa shughuli za ufuta ndipo anipe hesabu yake. Habari za mapenzi alizipita tu, ila njia aliijua. Alinieleza wapi kunateremka, wapi kifuku kinageuza mchanga kuwa tope linalonyonya mguu, upande gani Mto Mbwemkuru unasikika usiku kukiwa kimya, na wapi msafara usingeweza kulala kwa sababu hakuna maji. Aliihamisha kambi yangu ya pili kutoka nilipoiweka, na alikuwa na haki. Alipofika sura anayokufa mbeba maji, alimwambia mjukuu afunge daftari, wakasoma dua, kisha wakaendelea siku nyingine. Sijapata kuheshimiwa kama nilivyoheshimiwa na dua ile.

Bi. Hadija, mkunga mstaafu, alisoma sura moja tu kwa ombi langu, ile ya uzazi kambini. Alinitumia sauti ndefu kwenye simu, na katikati yake alianza kulia kwa ajili ya mama mmoja wa miaka ya nyuma, akaomba radhi, akaendelea kunielekeza nafasi ya mikono. Sura ile ni yake kama ilivyo yangu.

Mwanahawa, tuliyesoma naye shule ya msingi, alikasirika. Aliniandikia kwamba Nahati ana subira iliyopitiliza, kwamba hakuna mwanamke wa Kimwera anayemjua yeye ambaye angenyamaza mbele ya karani aliyempunja mumewe ujira. "Mimi ningesema, na wewe ungesema," aliandika. Basi Nahati akasema. Yale maneno ya ukurasa wa 118, ambayo binti mmoja wa kidato cha nne tayari ameyaandika kwenye jalada la daftari lake, yalizaliwa na hasira ya Mwanahawa. Shoga yangu, endelea kukasirika.

Namshukuru pia binti wa steshenari kule Lindi mjini, aliyechapa muswada kutoka kwenye kaunta buku zangu, mwandiko wangu ukiwa wa haraka na kurasa nyingine zikiwa na vumbi la ghala. Umeme ulipokatika aliandika kwa mkono orodha ya maneno asiyoyaelewa ili aniulize, asikisie. Alipofika mwisho aliniuliza kama Nahati aliolewa tena. Ni msomaji wa kwanza kabisa kunitaka niendelee.

Mwenyekiti wa chama chetu aliniachia ufunguo wa ofisi miezi ya kiangazi kabla ya mnada wa kwanza, nipate meza na utulivu. Wapakuzi wa ghala, akina Saidi, Bakari na wenzao, walinivumilia nilipowauliza mara kwa mara bega linauma wapi hasa, mbele au nyuma, na linaanza kuuma baada ya gunia la ngapi. Hawakunicheka. Walivua mashati wakanionesha.

Nakala za kwanza zikitoka kiwandani, moja inakwenda Mipingo kwa Mzee Mnali, yenye maandishi makubwa yaliyochapwa kando kwa ajili ya mjukuu wake. Moja ni ya kabati la ofisi ya chama, pale zinapokaa stakabadhi, na yeyote mwenye mzigo kwenye foleni ya mzani anaruhusiwa kuisoma akisubiri.

Somoe
Kitomanga, Lindi
Agosti 2024