Ofa ya kalenda na shajara za 2027: mwisho wa kuagiza na siku ya kupokea

Ndugu mteja wetu,

Msimu wa kalenda na shajara umefunguliwa, na mwaka huu anayewahi ananufaika zaidi. Oda itakayokamilika kabla ya saa 11 jioni, Ijumaa tarehe 30 Oktoba 2026, itapata punguzo la asilimia 15 na mzigo utakufikia Ijumaa tarehe 20 Novemba. Ukiagiza baada ya hapo hadi Ijumaa tarehe 13 Novemba, punguzo ni asilimia 10 na utapokea tarehe 4 Desemba. Awamu ya mwisho inafungwa Ijumaa tarehe 27 Novemba. Haina punguzo, na mzigo wake utafika Jumatano tarehe 16 Desemba.

Awamu hiyo ya mwisho ni ya kalenda peke yake. Shajara hushonwa, hutiwa gundi na kuachwa chini ya uzito mpaka mgongo ukauke sawasawa. Tukiharakisha, kurasa zitaanza kuchomoka kabla mwaka haujafika katikati. Kwa hiyo anayetaka shajara, mwisho wake ni tarehe 13 Novemba.

Kiwango cha chini ni kalenda za ukutani 100, za mezani 50 na shajara 50, kwa kila muundo. Mwenye matawi mawili yenye anwani tofauti anahesabiwa miundo miwili. Tunajua wapo wanaohitaji chache tu, lakini kuandaa bamba za kuchapia kuna gharama ileile, ziwe nakala 10 au 1,000, na hatupendi mtu alipie nakala moja bei ya tatu. Wa namna hiyo wachukue kalenda zetu za picha zilizo tayari, kuanzia nakala 20, tuwabandikie jina na namba ya simu chini.

Tafadhali zingatia hili, maana ndilo linalochelewesha oda nyingi: oda inahesabika imekamilika tukishapata nembo yako, maneno yote ya kuchapwa na nusu ya malipo. Nembo iwe faili halisi ya PDF kutoka kwa aliyeichora. Iliyopigwa picha kwenye kibandiko au kunakiliwa kutoka kwenye simu hutoka na ukungu ikikuzwa.

Tutakutumia nakala ya kuhakiki ndani ya siku 2 za kazi. Isome namba kwa namba, hasa simu, kisha utupe idhini ndani ya siku 2 nyingine. Idhini ikichelewa, siku ya kupokea nayo inasogea kwa siku hizohizo. Tukishaanza kuchapa hatuwezi kubadilisha kitu.

Nusu iliyobaki inalipwa mzigo ukifika, baada ya wewe mwenyewe kufungua maboksi na kuhesabu.

Kuagiza, jibu ujumbe huu ukitaja aina, idadi na mahali pa kupelekewa. Waliochapa nasi mwaka jana, nembo zenu tunazo. Andikeni tu kama kuna kilichobadilika.

Idara ya Mauzo