Umemaliza kidato cha nne? Kozi ya programu Sinza Mori inaanza Januari 19, 2026

Mtihani umeisha Novemba, kidato cha tano ni Julai. Hiyo miezi katikati ni mingi mno kuimaliza kibarazani. Njoo ujifunze kutengeneza tovuti na mifumo midogo, wiki 16, kuanzia HTML na CSS hadi JavaScript, Python na kutunza kazi zako GitHub. Tunamaliza Mei 8, kabla shule hazijafunguliwa. Matokeo hayahitajiki kujiandikisha, na si lazima uwe umesoma kompyuta.

Wazazi wengi wanatuuliza kwanza: akimaliza atapata kazi? Tunajibu kwa hesabu ya darasa la mwaka jana. Walianza 31, wakamaliza 26. Miezi sita baadaye, 9 walikuwa kazini au kwenye mafunzo kwa vitendo yenye posho, wengi kati ya shilingi 250,000 na 450,000 kwa mwezi. Watano wanajitegemea: tovuti za maduka, mfumo wa stoo wa duka la dawa, kazi za namna hiyo. Wanane waliendelea na masomo, na wanne bado walikuwa wanatafuta. Hatumwahidi mtu ajira. Tunachoahidi ni kwamba atatoka na kazi tatu alizozijenga mwenyewe, zinazofunguka mtandaoni, za kumwonyesha mwajiri. Wale watano walioacha, wengi waliishia wiki ya tano, JavaScript ilipokolea. Ndiyo maana safari hii wiki hiyo ina mwalimu wa ziada kila jioni.

Ada ni shilingi 900,000, pamoja na intaneti na matumizi ya kompyuta zetu. Hakuna malipo mengine ya pembeni. Ukilipa yote kabla ya Januari 16, ni 810,000. Ukilipa kwa awamu: 300,000 kabla ya Januari 16, kisha 200,000 Februari 13, 200,000 Machi 13 na 200,000 Aprili 10. Awamu hazina riba. Mambo yakikwama nyumbani, mzazi aje tuzungumze kabla ya tarehe kupita. Tunaweza kusogeza awamu moja kwa wiki mbili, na mtoto hatolewi darasani wakati huo. Anayeacha ndani ya wiki mbili za mwanzo anarudishiwa nusu ya alicholipa.

Vipindi ni Jumatatu hadi Alhamisi. Zamu ya asubuhi ni saa 2:00 hadi 6:30, ya mchana saa 8:00 hadi 11:30. Ramadhani ikiingia, zamu ya mchana itaisha saa 10:00 ili watu wawahi kufuturu, na dakika hizo tutazifidia Ijumaa asubuhi. Kila zamu ina nafasi 20, na kompyuta zetu ni 14 tu, kwa hiyo mwenye laptopu aje nayo. Asiye nayo aseme mapema, atatengewa ya kwetu.

Wasichana, karibuni sana. Mwaka jana mlikuwa 8 tu, na wote mlimaliza.

Fomu zinatolewa bure ofisini kwetu, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3:00 asubuhi hadi 10:00 jioni. Njoo na mzazi au mlezi, nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha mbili za pasipoti. Malipo ni kwa benki au kwa simu kwenye namba iliyoandikwa ndani ya fomu. Usimkabidhi mtu fedha taslimu.