Kwa Nini Lithiamu Huachia Elektroni kwa Urahisi: Hotuba ya Siku ya Kemia

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo!

Kidato cha Sita tumepewa dakika chache, nami nimeomba nizitumie kuzungumzia mchoro ule mliouona mlangoni, ule wa manila nyeupe wenye mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Ni mchoro wa nishati ya uionishaji ya elementi ishirini za kwanza, kutoka haidrojeni hadi kalsiamu. Wengi wetu tulipofundishwa mada hii tulichora mishale miwili kwenye jedwali la elementi: ukienda kulia nishati inapanda, ukienda chini inashuka. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukapata alama. Lakini mshale hausemi sababu, na tena kuna mahali haulingani na vipimo. Sababu iko kwenye mpangilio wa elektroni.

Kwanza tuelewane. Nishati ya kwanza ya uionishaji ni nishati inayohitajika kung'oa elektroni moja kutoka kwa kila atomu katika moli moja ya atomu zilizo katika hali ya gesi. Kwa sodiamu tunaandika hivi:

Na(g) → Na⁺(g) + e⁻

Inahitaji kilojuli 496 kwa moli. Namba hii imepimwa maabara; hakuna aliyeibuni ili nadharia yake ipendeze. Kwa hiyo nadharia yoyote ya atomu lazima iweze kuieleza.

Sasa tazameni mwanzo wa mchoro. Haidrojeni ni 1312. Heliamu ni 2372, na hilo halishangazi: ina protoni mbili badala ya moja, na elektroni zake mbili ziko ganda lilelile, karibu kabisa na kiini. Inayofuata ni lithiamu, yenye protoni tatu. Mtu anayehesabu protoni peke yake atatarajia namba kubwa zaidi. Vipimo vinasema 520! Kiini kimeongezewa nguvu, lakini elektroni inang'oka kwa chini ya robo ya nishati ya heliamu.

Jibu ni mpangilio wake wa elektroni, 1s²2s¹: mbili ganda la kwanza, moja ganda la pili. Ganda la kwanza lilishajaa, hivyo elektroni ya tatu imelazimika kukaa ganda la pili, mbali zaidi na kiini. Kati yake na kiini zipo elektroni mbili zinazopunguza mvuto. Protoni ni tatu, ila mvuto unaoifikia ile ya nje haukaribii hata kidogo mvuto wa protoni tatu. Mambo mawili hayo, umbali na ukingaji, ndiyo yanayofanya mstari uporomoke kila peridi mpya inapoanza. Kutoka neoni yenye 2081 tunaangukia sodiamu yenye 496. Kutoka argoni yenye 1521 tunaangukia potasiamu yenye 419. Na ndiyo maana kundi la kwanza linashuka jinsi tunavyokwenda chini: 520, 496, 419, rubidiamu 403, sizi 376. Sizi ina protoni 55, lakini elektroni yake ya nje iko ganda la sita, nyuma ya elektroni 54.

Ndani ya peridi moja mambo yanageuka. Protoni zinaongezeka, elektroni mpya zinaingia ganda lilelile, na elektroni za ganda moja hazikingani vizuri. Mvuto unakua, atomu inajikaza, mstari unapanda.

Hapo ndipo mshale wetu unapotaka kutulaza. Kuna sehemu mbili katika peridi ya pili ambapo mstari unashuka badala ya kupanda, na kwangu mimi hizo ndizo sehemu nzuri kuliko zote kwenye mchoro. Vitabu vingine huziita zisizofuata kanuni. Sikubaliani na jina hilo. Zinafuata kanuni vizuri sana, ila kanuni yenyewe ni mpangilio wa elektroni, si mshale.

Ya kwanza: beriliamu ni 899, boroni ni 801. Beriliamu ni 1s²2s². Boroni ni 1s²2s²2p¹. Elektroni ya boroni inayong'oka iko 2p, na 2p ina nishati ya juu kidogo kuliko 2s. Elektroni ya 2s hupata nafasi ya kupenya hadi karibu na kiini. Ya 2p hupenya kidogo, na zile za 2s nazo zinaikinga kwa kiasi. Protoni moja iliyoongezeka haitoshi kufidia hasara hiyo.

Ya pili: naitrojeni ni 1402, oksijeni ni 1314. Hapa zote mbili zinatoa elektroni ya 2p, kwa hiyo maelezo ya boroni hayafai. Naitrojeni ina 2p³, na elektroni hizo tatu kila moja ina obitali yake. Oksijeni ina 2p⁴. Obitali ni tatu tu, hivyo elektroni ya nne inaungana na mwenzake ndani ya obitali moja. Zote zina chaji hasi, zinasukumana, na msukumo huo unarahisisha moja kutoka. Fikirini jambo hili: kilojuli 88 pungufu kwenye kipimo, nasi tunajua kwamba ndani ya atomu ambayo hakuna jicho litakaloiona, elektroni mbili zimebanana mahali pamoja.

Kwa wazazi wanaojiuliza haya yanatusaidia nini: chukueni magadi ya Ziwa Natron au chumvi ya Uvinza. Sodiamu iliyomo ni Na⁺, siku zote, wala si Na²⁺. Elektroni ya kwanza ya sodiamu inagharimu 496. Ya pili inagharimu 4562, zaidi ya mara tisa, kwa sababu inatoka kwenye ganda la ndani lililojaa. Magnesiamu inatoa mbili kwa 738 na 1451, halafu ya tatu inadai 7733. Atakayeniletea orodha ya namba za namna hii bila jina la elementi, nitatafuta ziliporuka ghafla, nami nitamwambia iko kundi gani.

Namba hizi zimewahi kuvunja hata imani za wanakemia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba gesi adimu haziungani na chochote. Mwaka 1962, Neil Bartlett, akiwa Kanada, alikuwa ameshaona kwamba platini heksafloraidi inaweza kunyang'anya elektroni molekuli ya oksijeni. Akagundua kwamba nishati ya kwanza ya zenoni, 1170, inakaribiana sana na ya molekuli hiyo. Akachanganya zenoni na platini heksafloraidi, akapata kitu kigumu chenye rangi kati ya manjano na chungwa. Zenoni ilikuwa imeungana.

Kidato cha Tatu na cha Nne, kazi yenu ni hii. Meza iliyo karibu na dirisha ina karatasi za grafu na namba za peridi ya tatu: sodiamu 496, magnesiamu 738, aluminiamu 578, silikoni 786, fosforasi 1012, salfa 1000, klorini 1251, argoni 1521. Chora mstari, zungushia mahali unaposhuka, halafu andika mpangilio wa elektroni wa elementi zilizo pande zote mbili za kila mshuko. Mimi na wenzangu tutakuwa hapo hadi saa sita, na jibu lisilotaja 3s, 3p au elektroni zilizoungana tutalirudisha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni mezani.