Ripoti ya Ukaguzi wa Ujenzi Na. 07: Jengo la Ofisi, Sakafu ya Chini na Ghorofa Mbili

Tarehe: Jumanne, 14 Oktoba 2025, saa 2:30 asubuhi hadi saa 7:00 mchana
Hali ya hewa: mawingu, mvua ilinyesha usiku na ardhi imelowa
Waliokuwepo: mhandisi wa miundo (mwandishi wa ripoti), msimamizi wa mkandarasi, fundi mkuu wa nondo, mwakilishi wa mwenye jengo
Hatua ya kazi: nguzo za sakafu ya chini zimemwagwa zege tarehe 2 Oktoba, kuta za sakafu ya chini zimefika kwenye linta, fomu na nondo za slabu ya ghorofa ya kwanza zimepangwa

Mahali panatajwa kwa mihimili ya ramani: herufi A–D kutoka magharibi kwenda mashariki, namba 1–5 kutoka kusini kwenda kaskazini. Kila picha ya karibu ina utepe wa kupimia ndani yake.

UAMUZI WA HARAKA

Zege la slabu lililopangwa Ijumaa, 17 Oktoba, lisimwagwe. Kasoro 1 hadi 4 zirekebishwe kwanza, zikaguliwe upya, na kibali kitolewe kwa maandishi.

SLABU YA GHOROFA YA KWANZA

Kasoro 1. Nondo za juu za roshani zimekanyagwa. Roshani ya mashariki, mhimili D, kati ya 2 na 4. Picha 07-01 hadi 07-04.
Hii ndiyo kasoro nzito kuliko zote. Slabu ya roshani ina unene wa milimita 150 na inaning'inia mita 1.4 bila nguzo upande wa nje, hivyo nondo zinazoibeba ni zile za juu. Tulivuta uzi kwenye usawa wa zege litakapoishia, tukapima kushuka hadi kwenye nondo: ramani inataka milimita 25, tulipata 70 hadi 90. Nondo ikikaa milimita 85 chini, kina kinachofanya kazi kinabaki karibu nusu ya kilichokokotolewa, na uwezo wa roshani kubeba mzigo unapungua kwa kiasi hichohicho au zaidi. Roshani ya namna hii hupasuka juu, pale inapoungana na boriti, na inaweza kuanguka fomu ikitolewa.

Sababu inaonekana katika Picha 07-03: viti vya nondo vimewekwa kila mita 2, vimekunjwa kwa chuma cha milimita 8 na vimelala, na njia ya mafundi kupita imekuwa juu ya nondo zenyewe. Urefu wa nondo kuingia ndani ya jengo, mita 2.1, uko sawa na ramani.

Marekebisho: viti vipya vya chuma cha milimita 12, kila milimita 800 pande zote mbili, vifungwe kwa waya. Njia ya mbao iwekwe juu ya vigogo vinavyokaa kwenye fomu, visiguse nondo. Siku ya zege fundi mmoja wa nondo abaki hapo kwa kazi moja tu, kuinua nondo zitakazoshuka.

Kasoro 2. Biskuti za zege hazitoshi. Sehemu B–C/2–3, mita 4.2 kwa 5.0. Picha 07-05, 07-06.
Tulihesabu biskuti 6 tu katika eneo lote. Nondo za chini zimegusa fomu sehemu nyingi. Penye nafasi tulipima milimita 8, inayotakiwa ni 25. Mahali pawili mafundi wametumia vipande vya matofali, ambavyo hunyonya maji na kupitisha unyevu hadi kwenye nondo. Viondolewe. Biskuti za milimita 25, zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wenye nguvu sawa na zege la slabu, ziwekwe kila mita 1 au chini ya hapo.

Kasoro 3. Bomba la maji machafu limepitishwa ndani ya boriti. Boriti ya mhimili 3, milimita 350 kutoka uso wa nguzo C/3. Picha 07-07, 07-08.
Bomba la milimita 110 limepita wima katika boriti yenye upana wa milimita 230. Ringi mbili zimekatwa, na nondo moja ya chini imesukumwa pembeni hadi kugusa fomu. Karibu na nguzo ndipo boriti inapobeba nguvu kubwa ya kukata, na ringi ndizo zinazoipokea. Bomba lihamishiwe kwenye slabu, nje ya boriti, na ringi zilizokatwa zibadilishwe nzima. Kuunganisha vipande kwa waya hakukubaliki. Katika boriti hiyohiyo ringi zimeachana milimita 260 ndani ya mita ya kwanza kutoka nguzoni, ramani ikitaka 150. Ziongezwe.

Kasoro 4. Mirunda imesimama kwenye udongo laini. Sehemu A–B/3–5. Picha 07-09.
Baada ya mvua ya usiku mirunda minne inatikisika kwa mkono. Iwekewe ubao mpana chini, ikazwe kwa kabari, na ifungwe kwa mbao za mshazari pande zote mbili.

NGUZO

Kasoro 5. Matundu kwenye zege. Nguzo C/3, uso wa mashariki, chini. Picha 07-10, 07-11.
Eneo lina urefu wa milimita 420, upana 180 na kina hadi 55. Kokoto ziko wazi. Ringi mbili na kipande cha nondo kuu vinaonekana. Uji wa saruji ulivuja kwenye pengo la fomu, na vaibreta haikufika chini.

Nguzo D/3, uso wa kaskazini (Picha 07-12), ilikuwa imepakwa saruji laini. Tulipoigonga kwa nyundo ilitoa mlio wa uwazi, na ganda la milimita 10 lilidondoka likaonyesha matundu yaleyale. Kuficha kasoro ya nguzo ni hatari kuliko kasoro yenyewe. Nguzo zote 20 zigongwe mbele ya mhandisi kabla ya plasta yoyote.

Marekebisho: zege bovu litindwe hadi kufikia zima, na nyuma ya nondo ibaki nafasi ya milimita 20 au zaidi, vumbi lioshwe, uso uloweshwe bila maji kutuama, kisha ijazwe mota isiyosinyaa na kumwagiliwa siku 7. C/3 isitindwe kabla mhandisi hajakagua namna slabu ilivyoegemezwa.

Nguvu ya zege. Vipande 3 vya majaribio vya siku 7 vimetoa wastani wa niutoni 14.6 kwa milimita mraba. Kwa zege la daraja 25 tulitarajia takriban 16 hadi 17. Magunia yaliondolewa siku ya pili na nguzo zimekauka (Picha 07-13). Umwagiliaji uanze tena leo. Hilo linahusu nguzo tu: vipande hivyo hutunzwa ndani ya maji, kwa hiyo matokeo yao madogo yanaelekeza kwenye mchanganyiko. Daftari la vipimo vya maji na saruji liletwe. Majibu ya siku 28 yanatarajiwa tarehe 30 Oktoba.

KUTA NA NGAZI

Kasoro 6. Mhimili 2, A–B. Picha 07-14. Ukuta umeinama milimita 22 katika kimo cha mita 2.7, mkataba unaruhusu 10. Kozi nne za juu zibomolewe, kisha timazi ipimwe upya kabla ya kuendelea.

Kasoro 7. Dirisha la pili, mhimili A, 3–4. Picha 07-15. Linta imekalia ukuta milimita 90 upande wa kushoto badala ya 200. Ibadilishwe.

Kasoro 8. Ngazi kuu. Picha 07-16. Fomu ya kidato cha 9 ina kimo cha milimita 150 na cha 10 ina 195. Vingine ni 165. Mtu hujikwaa pale kimo kinapobadilika ghafla. Irekebishwe kabla ya zege.

Kasoro 9. Ukuta wa kaskazini, B–C. Picha 07-17. Tabaka la kuzuia unyevu limekatika kwa mita 1.8.

MUDA NA UKAGUZI UJAO

Kasoro 1–4: kabla ya ukaguzi wa Jumatatu, 20 Oktoba, saa 3:00 asubuhi. Kasoro 5: njia ya kazi iwasilishwe kwa maandishi ifikapo 16 Oktoba. Kasoro 6–9: ifikapo 24 Oktoba. Mkandarasi apige picha ya kila marekebisho kutoka pembe ileile na kuipa namba ileile ikiongezewa herufi R, kwa mfano 07-01R.

Nakala: mwenye jengo, msanifu majengo, mkandarasi, faili la eneo la ujenzi