Mpango wa Kuondoa, Kuhifadhi na Kurudisha Udongo wa Juu: Timbo la Mawe ya Matumbawe, Kisauni

Tarehe: 12 Januari 2026
Kwa: Meneja wa timbo, madereva wa eskaveta na tipa, msimamizi wa vibarua
Kutoka: Ofisi ya mazingira ya timbo

Kazi inaanza Jumatatu, tarehe 19 Januari. Nataka sehemu kubwa ya udongo iwe imehamishwa kabla ya Ramadhani, inayotarajiwa kuanza karibu na tarehe 18 Februari, na kila kitu kiwe kimefunikwa kwa mimea kabla masika hayajashuka mwezi wa nne. Kaskazi inavuma sasa, ardhi ni kavu, na huu ndio wakati wa kugusa udongo. Ukichotwa ukiwa umelowa hufinyangika, na ukikauka unakuwa tofali.

Tulicho nacho

Tumechimba mashimo 14 ya kupimia kwa jembe na sululu katika hekta 4.2 zinazofuata kuchimbwa. Udongo haulingani. Eneo A, upande wa minazi ya zamani, lina hekta 1.6 na wastani wa sentimita 25. Eneo B lina hekta 1.8 na sentimita 15. Eneo C, hekta 0.8, ni jiwe tupu lenye mifuko ya udongo mwekundu. Mfuko mmoja ulitupa sentimita 40, na hatua tatu pembeni yake tukakuta jiwe juu kabisa. Wastani wa C nimeuweka sentimita 5, na hata huo ni wa ukarimu.

Jumla ni mita za ujazo 4,000 za A, 2,700 za B na 400 za C, yaani 7,100. Nimetoa asilimia 10 ya kumwagika, kuchanganyika na kubaki kwenye nyufa za jiwe. Zinabaki 6,390.

Lakini tunadaiwa kurudisha hali ya hekta 6.1, si 4.2. Shimo la zamani la hekta 1.9 lilichimbwa bila udongo wake kuwekwa kando. Ulizikwa chini ya vifusi na hautapatikana tena. Tukitandaza tulicho nacho sawasawa kila mahali, tutapata kama sentimita 10. Kwenye sakafu ya matumbawe, ambako maji hupita kama kwenye chujio, sentimita 10 zitakauka kabla ya mwezi wa kwanza wa kaskazi kwisha. Kwa hiyo hatutatandaza sawasawa. Kuna mahali patakapopata udongo wa kutosha, na kuna mahali ambapo hatutamwaga hata tipa moja.

Kina cha kurudisha

Mahali pa shamba la mboga na minazi, hekta 1.6 kwa jumla, patapata sentimita 30 baada ya udongo kutulia. Hizo ni mita za ujazo 4,800. Miteremko ya kingo, hekta 1.1, itapata sentimita 10 za kushika nyasi, yaani 1,100. Bonde la chini kabisa, hekta 0.6, litaachwa likusanye maji ya mvua.

Hekta 2.8 zilizobaki ni za mivinje. Hapo udongo utaingia ndani ya mashimo ya kupandia tu, sentimita 40 kila upande na 40 kwenda chini, kwa nafasi ya mita 3. Ni mashimo kama 3,100 yatakayokula takriban mita za ujazo 200. Najua wapo watakaosema tunadanganya. Waende Bamburi, si mbali. Rene Haller alipoanza kupanda miti kwenye timbo la zamani la saruji la huko mwaka 1971 alijaribu aina 26 kwenye jiwe tupu. Zilipona tatu, na mvinje ni mmojawapo. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi hadi majongoo walipoletwa wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Mvinje unajitengenezea udongo, mchicha hauwezi.

Zinabaki mita za ujazo 290. Hizo ni akiba ya kuziba mitaro itakayokatwa na masika ya kwanza. Haziendi kwingine.

Kuondoa

Vichaka vikatwe na visichomwe. Visiki vya mwarobaini ving'olewe na kuwekwa kando. Nyasi fupi na majani yaliyooza yabaki yachotwe pamoja na udongo, maana humo mna mbegu.

Eskaveta ifanye kazi ikisimama juu ya udongo ambao haujachotwa, ikirudi nyuma, kwa ndoo isiyo na meno. Tipa zipite kwenye jiwe lililokwisha kwanguliwa. Sitaki buldoza isukume udongo kwa mwendo mrefu, kwa sababu inaukandamiza na kuuchanganya na changarawe nyeupe. Dereva akiona rangi imebadilika kuwa ya kijivu chenye vipande vya jiwe, asimame. Tabaka hilo la chini lina fungu lake, pembeni mwa barabara ya ndani, na mafungu mawili hayo yasikutane. Eneo C ni kazi ya vibarua kwa majembe na karai, kwani mashine itatuletea mawe zaidi ya udongo.

Mvua ya ghafla ikinyesha, chukua udongo wa kiganja na uuviringe. Ukikubali kuwa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, kazi inasimama mpaka ukauke.

Kuhifadhi

Udongo bora wa kuhifadhi ni ule usiohifadhiwa. Eneo A litakwenda moja kwa moja kwenye shimo la zamani, kama tipa 500 za mita za ujazo 10, maana udongo ukichotwa huvimba kwa robo. Baada ya hasara tunabaki na 3,600, na ndizo hasa zinazotosha hekta 1.2 za shamba la kwanza. Kabla ya tipa ya kwanza kumwaga, sakafu ipasuliwe sentimita 50 kwa meno ya buldoza, kila mita moja, kisha itandazwe sentimita 40 za tabaka la chini. Vigingi vipakwe rangi kwenye sentimita 37, maana udongo teketeke utashuka mpaka 30. Ukishatandazwa, gari lisipite juu yake.

B na C zitangoja zaidi ya mwaka. Zikichotwa zitavimba kwa robo na kuwa mita za ujazo 3,875. Zitawekwa kwenye tuta la kimo cha mita 2, juu upana mita 4, chini mita 12, urefu mita 242, kufuata mpaka wa kusini. Kusi litakapoanza, tuta litakuwa kinga kati ya upepo na timbo, na vumbi la timbo halitawaendea majirani wa upande ule wakati wa kaskazi bila kizuizi. Kimo kisizidi hapo. Tuta la kwenda juu zaidi linakosa hewa ndani, na mbegu na vijidudu hufa. Lipandwe kunde na nyasi kufikia mwisho wa Machi, lichimbiwe mtaro upande wa juu, na magugu yang'olewe kabla hayajatoa mbegu.

Kuna jambo jingine la kusema wazi. Mjini udongo wa maua unauzwa kwa lori, na tuta letu litaonekana kama pesa. Kila tipa iandikwe kwenye daftari la geti, namba, saa na fungu lilikotoka. Mwisho wa kila juma nitapima tuta kwa kamba na kulinganisha na daftari. Mita zikipungua, nitamuuliza mlinzi wa zamu kwanza, na dereva baadaye.