Yah: Pendekezo langu la malipo kwa matangazo ya presha kuka ya umeme

Dar es Salaam
9 Septemba 2025

Kwa Meneja Masoko,

Salaam. Nashukuru kwa ofa mliyonitumia wiki iliyopita, na zaidi kwa kunipa presha kuka niijaribu kabla hatujaongea habari za fedha. Nimeipikia maharage, makande na supu ya kongoro, na ninaipenda. Nataka kazi hii ifanyike. Kiasi cha shilingi 350,000, hata hivyo, hakilingani na mlichoomba, na naomba nieleze kwa hesabu.

Ofa yenu inataja video moja fupi ya Instagram na TikTok pamoja na stori tatu. Chini yake kuna mambo mawili mengine: ruhusa ya kuitumia video hiyo kwenye matangazo yenu ya kulipia kwa mwaka mzima, na sharti kwamba nisitangaze chombo kingine chochote cha kupikia kwa miezi 6. Hayo ni mambo matatu yenye thamani tofauti, nanyi mmeyawekea bei ya moja.

Nianze na watazamaji. Instagram nina wafuasi 38,200 na TikTok 71,500. Idadi ya wafuasi haiuzi jiko, kwa hiyo tuangalie wanaotazama. Kwa siku 90 zilizoishia tarehe 6 Septemba, video yangu ya kawaida imetazamwa mara 26,800 Instagram na mara 22,300 TikTok. Hizo si wastani. Nimezipanga video zote kwa mfuatano wa idadi nikachukua ya katikati, kwa sababu video moja ya pilau ilifika 412,000 na ingepandisha wastani kwa kiasi ambacho nisingeweza kuwaahidi tena. Kwa hiyo video moja ni kama mara 49,100 kwa mitandao yote miwili. Picha za skrini za takwimu nimeziambatisha, tarehe zikionekana, na mkitaka nitafungua akaunti mbele yenu mzione wenyewe.

Asilimia 78 ya watazamaji wa Instagram wako Tanzania, na zaidi ya nusu ya hao wako Dar es Salaam, mnakopeleka mzigo siku hiyohiyo. Wanawake ni asilimia 72. Kundi kubwa kuliko yote lina umri wa miaka 25 hadi 34, yaani watu wanaoanza maisha na bado wananunua vyombo vya jikoni. Kenya ni asilimia 9 na Oman asilimia 4. Hao wa Oman msiwapuuze: kila ninapoonyesha chombo, kuna anayeuliza kutoka Maskati kama anaweza kulipia huko mama yake akapelekewa Tanga. Kama mnaweza kupokea malipo ya namna hiyo, nitalisema ndani ya video.

Kuna namba moja ninayoithamini kuliko kutazamwa. Video zangu za vyakula vinavyochukua muda mrefu kuiva huhifadhiwa na watu wapatao 1,900 kila moja. Mtu hahifadhi pishi la maharage kwa burudani, anakusudia kulipika. Na maswali yao yamekuwa yaleyale tangu mwaka jana, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034: umeme utakula kiasi gani? Wenye mita za kundi la D1 wanaogopa kuvuka uniti 75 kwa mwezi na kupoteza bei nafuu. Huo ndio wasiwasi unaozuia mauzo yenu, na ndio ninaotaka kuujibu. Nitasoma mita ya LUKU kabla ya kuwasha na baada ya maharage kuiva, kamera ikiwa haijakatwa. Nilipojaribu nyumbani, nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa ilitumia chini ya nusu uniti. Gharama hiyo ikiwekwa mbele ya mtu anayenunua mkaa kila wiki, hahitaji maneno mengi.

Kuhusu mauzo, mwezi Mei nilifanya kazi na muuza viungo wa Tanga. Video moja, iliyotazamwa mara 24,600 Instagram, ilileta oda 164 kwa siku 30 kupitia neno la punguzo. Sitawaambia kwamba watu 164 watanunua chombo cha shilingi 245,000 kama wanavyonunua pakiti ya binzari. Tuchukue sehemu ya kumi tu: mashine 16 ni mauzo ya shilingi 3,920,000.

Upande wangu, mpiga picha, mhariri, vyakula na umeme vinanigharimu kama 190,000 kwa kila video. Ukiondoa hizo na kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya waandaaji wa maudhui ya kidijitali, ofa yenu inaniachia 142,500. Presha kuka yenyewe ni kifaa cha kazi, naomba isihesabiwe kama malipo.

Pendekezo langu ni hili. Video mbili kwa 650,000 kila moja, ya kwanza ikiwa jaribio la mita na ya pili pishi la makande, pamoja na stori tatu kwa kila video bila nyongeza. Ruhusa ya kuzitumia kwenye matangazo ya kulipia kwa siku 90 ni 250,000, na mkitaka kuendelea baada ya hapo tutaongea upya. Jumla ni shilingi 1,550,000 kabla ya kodi ya zuio. Naomba nusu tunaposaini, na nusu ndani ya siku 14 baada ya video ya pili kutoka, pamoja na cheti cha kodi mliyokata.

Sharti la miezi 6 siwezi kulikubali. Tukianza Oktoba, litanifunga hadi mwisho wa Machi, na Ramadhani inatarajiwa kuanza katikati ya Februari. Ramadhani iliyopita video yangu ya kawaida ilifika 54,000 Instagram pekee, na ndio msimu unaonilipia kodi ya nyumba. Nawapa wiki 8 bila malipo, kwa presha kuka na majiko ya umeme tu. Mkitaka kuwa nami hadi Ramadhani, tufanye mkataba mwingine wa msimu huo, na ninyi nitawauliza kwanza kabla ya mwingine yeyote.

Kama bajeti ya robo hii haifiki hapo, kuna njia nyingine: video moja ya jaribio la mita kwa 450,000, bila ruhusa ya matangazo ya kulipia, na 12,000 kwa kila mashine itakayouzwa kwa neno langu la punguzo ndani ya siku 60. Hapo tunagawana hatari, nami niko tayari kwa sababu nimekwisha kukipikia chombo chenu.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, nitaandika wazi kwamba ni tangazo la kulipwa, na kipimo cha mita nitakionyesha kama kilivyo hata kikizidi tulichotarajia. Mnaweza kusahihisha jina, bei na maelezo ya dhamana kabla video haijatoka. Maoni yangu kuhusu chakula yabaki yangu.

Mpiga picha wangu ana nafasi wiki ya mwisho ya Septemba, kwa hiyo nitashukuru nikipata jibu kufikia Ijumaa ya tarehe 19. Napatikana kwa simu baada ya saa nane mchana, jikoni pakishatulia.

Wako katika kazi,
Mwanaidi

Viambatisho: picha za skrini za takwimu za Instagram na TikTok, na muhtasari wa oda za Mei uliotumwa kwa ridhaa ya muuzaji.